Tuliongeza bajeti ya matangazo mara tatu, faida ikashuka

Binamu yangu anauza raba za mitumba. Ana kibanda kwenye moja ya yale majengo ya vibanda vidogo vidogo pale katikati ya jiji la Nairobi, ghorofa ya pili, na wateja wake wengi hawapandi hizo ngazi. Wanaona picha Instagram, wanabonyeza tangazo, wanaingia WhatsApp, wanauliza saizi, wanatuma pesa na mzigo unapelekwa. Mimi ndiye namsukumia hayo matangazo. Yeye ananilipa kidogo na ananivalisha raba, so usinionee huruma.

Mwaka jana nilimkosesha pesa kwa wiki nzima na hata sikujua. Ripoti ilikuwa inaonyesha tuko sawa kabisa. Naandika hii kwa sababu kila siku naona mtu akiwaambia watu hapa, "Ukiweka kikomo cha gharama, tangazo linakuwa rahisi." Si kweli. Na wale wanaosema "wachana na vikomo, Facebook inajua kukutafutia bei ya chini" pia hawajamaliza hiyo sentensi.

Acha niwape hesabu yenyewe. Shilingi kwa shilingi, mtaelewa.

Kwanza thamani ya meseji moja. Raba moja, ukitoa bei ya kununua bale, kufua, nauli na ile hasara ya pea zinazotoka zimechanika, inamwachia binamu kama bob 700. Tulikuwa tumehesabu kwa miezi kadhaa kwenye daftari yake: kati ya watu kumi wanaoingia WhatsApp kutoka kwa tangazo, mmoja ananunua. Kwa hivyo kila meseji ina thamani ya bob 70 kwake. Ukiinunua kwa 40 umeshinda, ukiinunua kwa 90 umepoteza, ukiinunua kwa 70 umefanya kazi ya bure. (VAT nimeiacha nje ya hesabu ili tuelewane haraka. Wewe usiiache, kwa sababu inakatwa juu ya kile skrini inaonyesha.)

Tulianza na bajeti ya 1,000 kwa siku, bila kikomo chochote. Kwenye Ads Manager hiyo inaitwa `Highest volume`. Zamani iliandikwa `Lowest cost`, na watu wengi bado wanaiita hivyo. Wiki ya kwanza tulitumia 7,000, tukapata meseji 180, yaani kama bob 39 kila moja. Pea 18 zikauzwa. Mara 700 ni 12,600. Toa 7,000 ya matangazo, binamu akabaki na 5,600.

Nikajiona genius. Nikamwambia, "Dada, hii kitu inafanya kazi. Tuweke 3,000 kwa siku, tuone."

Wiki iliyofuata tukatumia 21,000. Meseji 350, bob 60 kila moja. Ndio, bei ilipanda kutoka 39, lakini 60 bado iko chini ya 70, si ndiyo? Pea 35 zilitoka. Simu yake haikunyamaza, kijana wa boda alikuwa anakuja mara nne kwa siku. Sote wawili tulikuwa tunatabasamu. 35 mara 700 ni 24,500. Toa 21,000.

Ilibaki 3,500.

Rudia kusoma hapo. Bajeti mara tatu, mauzo karibu mara mbili, jasho mara mbili, na faida ikashuka kutoka 5,600 hadi 3,500. Yeye ndiye aliyegundua, jioni ya Jumapili akihesabu pesa za kulipa kodi ya kibanda. Akaniuliza, "Wewe kijana, hii pesa ingine imeenda wapi?" Sikuwa na jibu. Nilifungua ripoti nikamwonyesha ile 60. Akaniangalia tu.

Jibu liko kwenye meseji za nyongeza. Usiangalie wastani wa zote. Angalia ile 14,000 tuliyoongeza ilinunua nini: meseji 170 zaidi. Gawa. Ni kama bob 82 kila moja! Tulikuwa tunanunua kitu cha 70 kwa 82, mara 170, na zile meseji za bei poa za mwanzo zilikuwa zinaificha hiyo hasara kwa kuvuta wastani chini. Mhadhiri wangu wa uchumi alijaribu kunifundisha hii kitu kabla sijaacha chuo. Nilikuwa nimelala nyuma. Nimekuja kulipia hiyo karo Instagram.

Sasa, kwa nini ilitokea hivyo? Hapa ndipo jina lilikuwa linatudanganya. Ukisikia "gharama ya chini" unafikiri mfumo unalinda bei yako. Haulindi. Amri uliyoupa ni hii: nitumie bajeti yangu yote, na kwa hiyo bajeti nipe matokeo mengi iwezekanavyo. Neno zito hapo ni yote. Ukiupa 1,000 unachuma matunda ya chini, wale watu ambao tayari wanapenda raba na hakuna mwingine anayewagombania sana. Ukiupa 3,000, matunda ya chini yanaisha saa saba mchana, na bado una pesa ya kumaliza. Utapanda mti. Hautakupigia simu kukuuliza kama matunda ya juu yana maana kwako, kwa sababu haujawahi kuambiwa meseji yako ina thamani gani. Haujui kuhusu 700 yako wala kodi ya kibanda.

Kwa hivyo bila kikomo, breki pekee uliyo nayo ni bajeti. Na ni breki nzuri, tusiidharau. Ukiandika 1,000 kwa siku, kuna siku Meta itatumia zaidi na siku itatumia pungufu, lakini kwa wiki haipiti mara saba ya hiyo bajeti. Unajua kabisa utatoa ngapi. Usichojua ni utanunua kwa bei gani.

Vikomo vinageuza hiyo kitu. Unasema bei, halafu kiasi cha pesa kitakachotumika kinabaki kuwa swali. Ukiwa na kikomo bajeti inakuwa dari tu, na inawezekana usiifikie hata siku moja. Kama unataka uhakika wa bei na uhakika wa kutumia pesa yote kwa wakati mmoja, hakuna kitufe cha hiyo.

Kuna vikomo viwili na watu wanavichanganya kila siku. Mimi pia nilivichanganya, na hilo ndilo kosa la pili.

Cha kwanza kwenye skrini kinaitwa `Cost per result goal`, zamani `Cost cap`. Nitakiita kikomo cha wastani, kwa sababu ndicho kitu kinachoshikilia: wastani wa gharama ya kila tokeo. Baada ya ile Jumapili nikawaza, poa, meseji ina thamani ya 70, naandika 70. Bajeti nikaiacha 3,000. Siku nne nikakaa naangalia. Pesa ikaisha kila siku vile vile. Wastani ukawa 61. Hakuna kilichobadilika, hata kidogo.

Kwani kingebadilika nini? Wastani wetu tayari ulikuwa 60. Nilikuwa nimeuambia mfumo usipite 70, na haukuwa umepita. Kumbe kikomo cha wastani kinaruhusu kununua meseji ya 100 ilimradi kuna ya 30 ya kuisawazisha. Dau la tangazo moja moja linaweza kwenda juu ya namba yako au chini yake, mradi zikichanganywa zikaribie pale ulipoandika. Ile tabia iliyotumaliza, ya meseji rahisi kuficha meseji ghali, ndiyo hiyo hiyo kikomo cha wastani kinaikubali. Na fikiria kama mfumo ungefanikiwa kweli kufikia 70 yangu: wastani 70, thamani 70, faida sifuri. Ningekuwa nimeuagiza ufanye kazi ya bure, kwa adabu.

So sheria yangu ya kwanza: usiandike pale bei ya kutopata wala kupoteza. Hiyo ni namba ya meseji ya mwisho, si ya wastani. Ukitumia kikomo cha wastani, andika wastani unaotaka kuishi nao. Kwetu ungekuwa arobaini na kitu.

Nikashusha hadi 40. Hapo ndipo utajua kikomo kinauma. Siku ya kwanza kilitumia 1,100 kati ya 3,000. Siku ya pili 600. Siku ya tatu ikarudi 1,200. Hii ndiyo sura ya kikomo kinachofanya kazi, na ndiyo sura inayotisha watu wakakitoa. Pesa haiishi. Unafikiri tangazo limeharibika.

Cha pili ni `Bid cap`. Hiki nakiita kikomo cha dau, na ndicho kilicholingana na tatizo letu. Kila mtu akifungua Instagram, kunakuwa na mnada mdogo wa kuamua ataona tangazo la nani. Kila mtangazaji ana alama zake, na alama zinatoka hivi: dau lako, mara uwezekano ambao Meta inakadiria kwamba huyo mtu atafanya kile unachotaka, ongeza ubora wa tangazo. Kikomo cha dau kinasema tu: katika mnada wowote, usiweke dau juu ya hii namba. Hakijali wastani, kinaangalia kila mnada peke yake.

Ichukue kwa mfano wetu. Dau ni 70. Meta inakadiria mtu wa aina fulani, ukimwonyesha tangazo mara mia, atatuma meseji mara moja. Basi kumwonyesha mara moja kuna thamani ya senti 70 kwetu, au bob 700 kwa kila mara elfu. Mwingine akitaka nafasi hiyo kwa zaidi, achukue, sisi tunapita. Na mara nyingi unalipa chini ya dau lako, kwa sababu bei inategemea wale uliowashinda. Ndiyo maana hapa unaweza kuandika 70 yenyewe bila kujinyonga: 70 ni ya meseji ghali kabisa unayokubali, na zile rahisi zinakuja kwa bei yake.

Tukaandika 70 kwenye kikomo cha dau, bajeti 3,000. Wiki hiyo ilitumia 9,680 kati ya 21,000 iliyoruhusiwa. Meseji 220, bob 44 kila moja. Pea 22. 15,400 toa 9,680, ikabaki 5,720.

Najua unachofikiria. Wiki ya kwanza, bila ujanja wowote, na bajeti ya 1,000, ilibaki 5,600. Kwa hivyo kelele hii yote imeleta bob 120! Na hata hiyo 120 si ushahidi wa kitu. Pea moja zaidi au moja pungufu inaifuta. Hili ndilo guru hatakuambia: wiki ya kawaida, bajeti ndogo iliyochaguliwa vizuri inafanya karibu kazi ile ile kama kikomo kilichochaguliwa vizuri. Kama unasukuma 300 au 500 kwa siku na bei yako inakuridhisha, funga hii posti uende ukapige picha nzuri zaidi. Sikutanii.

Tofauti inaonekana soko likihama. Bajeti haijui kama leo ni siku ghali. Mwisho wa Novemba, zile ofa za kila duka zikianza, maduka makubwa yanaingia kwenye minada ile ile tuliyomo na pesa ambazo sisi hatuna. Wiki hiyo kikomo chetu kilitumia 4,000 tu. Meseji 80, bob 50 kila moja, pea 8. Ilibaki 1,600.

Binamu alinipigia Jumatano saa mbili usiku. "Tangazo limekufa. Watu wako na pesa na simu yangu imenyamaza. Toa hiyo kitu yako."

Nilikuwa karibu kuitoa. Wateja wa Desemba wanakuja mara moja, kodi ilikuwa karibu, na 1,600 si pesa ya kumwonyesha mtu mwenye bale tatu hazijafunguliwa. Lakini nikamuuliza, tukiitoa, hizo meseji zingine tutazinunua kwa ngapi? Hatukuwa na haja ya kubahatisha. Tulifungua tangazo lile lile upande wa pili, bila kikomo, bajeti 500 kwa siku, siku mbili. Ikaleta meseji 11 kwa bob 1,000. Bob 91 kila moja. Kimya kile cha simu kilikuwa kikomo kikikataa kununua hizo. Akasema "sawa," kwa sauti ya mtu ambaye hajakubali, na tukaacha.

Hilo jaribio dogo lishike, kwa sababu ndilo litakuambia tatizo ni nini tangazo likinyamaza. Kikomo kikiwa chini sana, tangazo halitumii pesa, linaweza kukaa siku nzima na bob 20. Lakini tangazo baya pia halitembei, na lililokataliwa pia halitembei. Kwanza hakikisha halijakataliwa. Halafu lifungue bila kikomo na pesa kidogo. Likikimbia na bei iko juu kidogo tu ya namba yako, kikomo ni kali mno. Pandisha kama asilimia 10 au 20, kisha acha siku kadhaa, usiguseguse kila saa. Likikimbia kwa bei mara mbili ya namba yako, tatizo ni tangazo au watu unaowalenga, na hakuna kikomo kitakachotibu hiyo. Kumbuka ile hesabu ya alama: tangazo likivutia watu zaidi, uwezekano unapanda, na dau lile lile linashinda minada mingi zaidi. Klipu ya binamu akikunja raba kuonyesha soli ilitusaidia kuliko namba yoyote niliyowahi kuandika.

Sasa niwaambie mahali vikomo vinavunjika, kwa sababu vinavunjika.

Kikomo cha dau hakikuahidi bei utakayoiona kwenye ripoti. Unalipia maonyesho, na dau limejengwa juu ya makadirio. Meta ikikadiria mtu mmoja kwa mia atatuma meseji, halafu kwa ground akatuma mmoja kwa mia mbili, ile meseji ya 70 inaweza kukugharimu hadi 140 na kikomo hakijavunja sheria yoyote. Makadirio yanakuwa mabovu hasa tangazo likiwa jipya. Meta yenyewe inasema seti ya matangazo inahitaji kama matokeo 50 ndani ya wiki kabla haijatulia. Sisi tulikuwa na meseji za kutosha. Lakini mtu anayelenga mauzo kwenye tovuti na anapata manne kwa wiki, akiweka kikomo, ni kama kumwambia dereva asiyejua njia asipite kilomita 20 kwa saa. Hatafika na hatajifunza njia. Meta pia inashauri bajeti ya siku iwe angalau mara tano ya kikomo chako. Ukiwa na kikomo cha 400 na bajeti ya 500, unacheza.

Kuna kosa lingine ambalo halionekani kwenye skrini kabisa. Kikomo kinalinda bei ya meseji, hakilindi ubora wa mtu aliyeituma. Tulipokuwa na kile kikomo cha wastani cha 40, zilikuja meseji nyingi za "bei?" halafu kimya. Mfumo ulikuwa umepata watu wanaopenda kuandika, si wanaopenda kununua. Mmoja kwa kumi ikawa kama mmoja kwa kumi na tano. Hapo 70 yako si 70 tena. 700 gawa kwa 15 ni kama 47, na kikomo chako chote kimesimama kwenye namba ya zamani. Ndiyo maana daftari ya binamu ni muhimu kuliko Ads Manager. Anaandika kila wiki walioingia ni wangapi na walionunua ni wangapi, na mimi nasogeza dau kufuata daftari.

Na kama unatumia kile kitufe cha kubusti posti kwenye simu, yote haya hayakuhusu bado, kwa sababu hakikupi vikomo. Ni bajeti na siku, basi. Lazima uingie Ads Manager. TikTok nao wana yao, `Maximum delivery` na `Cost cap`, na mantiki haibadiliki sana: ya kwanza inamaliza pesa, ya pili inashikilia bei.

Kwa hivyo mimi natumia ipi? Inategemea ni nini kinaniumiza zaidi, pesa kubaki au bei kupanda. Desemba kuna rafiki wetu alikuwa anauza tiketi za shoo ya Jumamosi. Akaniomba nimwekee kikomo kama cha binamu. Nikakataa. Tiketi isiyouzwa hadi Jumamosi usiku ni karatasi. Ukumbi ameshalipa, kila mtu anayeingia ni faida karibu yote, na kikomo kinaweza kuamua Alhamisi kwamba soko ni ghali na kikalala. Huyo anahitaji bajeti iishe kabla ya Jumamosi, kwa hivyo `Highest volume`, na macho yake kwenye bajeti. Vivyo hivyo mtu anayeanza, ambaye hajui meseji yake ina thamani gani. Namba ya kuandika kwenye kikomo utaitoa wapi kama hujawahi kununua bila kikomo?

Kikomo cha wastani nakitumia nikifanyia kazi mtu aliyenipa ahadi ya wastani, mfano bosi anayetaka kuripoti kwamba kila mteja mpya aligharimu kiasi fulani, au tunapopandisha bajeti na nataka kengele ilie wastani ukianza kuhama. Kikomo cha dau ni cha mtu kama binamu: anajua thamani ya meseji moja, ana data ya kutosha, na anaweza kuvumilia simu kunyamaza.

Kuvumilia ndiko kugumu. Januari minada ilishuka bei na kikomo kile kile cha 70, bila sisi kugusa kitu, kikaanza kutumia pesa zaidi: wiki moja 12,000, kwa bob 40 kila meseji. Meseji 300, pea 30, ikabaki 9,000. Bale mbili zilizolala Novemba zikatoka. Binamu hakunipigia simu wiki hiyo. Alinitumia tu picha ya daftari, na chini yake akauliza kama hiyo 70 sasa haiwezi kuwa 75, kwa sababu amepata mtu wa bale anayempunguzia bei.

Nikamwambia ahesabu upya kwanza ile 700.